Wanaoacha Kazi Wanaposema "Maslahi"

Mtumishi anayeacha kazi hana haja ya kusema yote. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe cheti cha utumishi, lakini cheti hicho hakimsifu mtu. Sifa humtoka bosi wa zamani pale anapopigiwa simu na mwajiri mpya. Ndiyo maana fomu za mahojiano ya kuondoka hujaa alama kwenye neno lisilomuudhi yeyote: maslahi. Afisa utumishi anayezihesabu alama hizo na kuziita sababu amekusanya adabu za watu tu.

Chukua mfano wa kubuni wa hospitali ya binafsi. Kwa mwaka mmoja wameondoka wauguzi 7 wa idara ya wagonjwa wa nje na 6 wa wodi ya wazazi. Ripoti ya haraka itainyooshea kidole idara ya kwanza. Lakini idara hiyo ina wauguzi 56, na wodi ya wazazi ina 18 tu: katika idara hiyo ameondoka mmoja kati ya wanane, wodini mmoja kati ya watatu. Tatizo liko wodini.

Wote 6 wa wodini wametia alama kwenye maslahi. Kinachofumbua fumbo ni swali jingine: ni lini ulipoanza kuwaza kuondoka, na siku hizo kulitokea nini? Thomas Lee na Terence Mitchell walitoa hoja mwaka 1994 kwamba mara nyingi mtu huanza kufikiria kuondoka baada ya tukio fulani la kumshtua, wala si kwa kinyongo kilichojaa polepole tu. Maelezo ya wauguzi hao yakisomwa kwa jicho hilo, wanne wanarudi kwenye wiki zilezile: ratiba mpya ilipobandikwa ukutani, yenye zamu saba za usiku mfululizo. Mmoja aliitwa kuziba pengo asubuhi ileile aliyotoka zamu. Mshahara haukuwa umepungua. Kazi ndiyo iliyoongezeka.

Wanne ni wachache, na huenda ratiba inasingiziwa. Kwa hiyo waulizwe pia waliobaki. Kama wodi nyingine yenye ratiba hiyohiyo haipotezi watu, basi macho yaelekezwe kwa msimamizi.

Kuna jambo linalosahaulika mara nyingi. Katika wodi ya watu 18, sentensi moja ikinukuliwa neno kwa neno, kila mtu atajua imetoka kinywani mwa nani, na anayefuata kuhojiwa atafunga mdomo. Ripoti itoe mwelekeo wa majibu, na tarehe zitajwe kwa robo mwaka.

Mwisho wa ripoti liwepo badiliko moja linaloweza kupimwa: zamu za usiku zisizidi tatu mfululizo kwa miezi sita, muuguzi kiongozi akiwajibika, kisha idadi ya wanaoondoka ilinganishwe na ya awali. Pendekezo la "kuboresha maslahi" lisiingie humo, kwa kuwa hakuna aliyekabidhiwa kulitekeleza.