Wazo Halina Mwenyewe

Nilikuwa na miaka 21, na nilikuwa nimeacha chuo miezi minne tu, nilipotuma wazo langu la kipindi kwa kituo kimoja cha televisheni hapa Nairobi. Kurasa mbili, kwa barua pepe. Kilikuwa kipindi cha maswali: makondakta wa ruti tofauti wanaulizwa historia ya jiji ndani ya matatu inayotembea, na anayekosa anashushwa papo hapo, popote gari lilipo. Nilijibiwa kwa mstari mmoja: asante, tutawasiliana.

Hawakuwasiliana. Mwaka uliofuata nilikuwa kwa mamangu tukila ugali, tivii imewashwa, nikaona kwenye kituo kile kile watu wakiulizwa maswali ndani ya matatu. Mama akaniuliza mbona nimeacha kula.

Kesho yake nilimpigia rafiki yangu aliyebaki chuoni akisomea sheria. Akanisikiliza mpaka nikamaliza kutukana, kisha akauliza, "Sasa wewe, uliwapa nini hasa?" Nikamwambia niliwapa wazo. "Basi hukuwapa kitu," akasema. "Nenda ukasome kesi ya Hughie Green."

Nilienda kusoma kwa hasira. Lakini nilichokuta huko kilinishangaza kuliko yaliyonipata mimi.

Hughie Green alikuwa mtangazaji Mwingereza mwenye kipindi cha kutafuta vipaji, Opportunity Knocks. Kilianzia redioni, kikaingia televisheni mwaka 1956 na kikawa hewani, kwa kukatika na kurudi, hadi 1978. Watu wa kawaida walipanda jukwaani wakaimba au wakachekesha, kila mmoja akiletwa na mtu wa kumtambulisha. Watazamaji walipiga kura kwa posta. Studioni kulikuwa na mashine ya mzaha iliyojifanya kupima makofi, na Green alikuwa na misemo yake ambayo nchi nzima iliijua.

Kati ya 1975 na 1978, shirika la utangazaji la New Zealand lilirusha kipindi chake la lenyewe. Jina lilikuwa lile lile, misemo ile ile, mashine ya makofi ipo, watambulishaji wapo. Green hakulipwa hata senti. Akashtaki, akashindwa. Akakata rufaa, akashindwa tena. Mwaka 1989 kesi ikafika kwa Baraza la Faragha kule London, lile lile lililokuwa likisikiliza rufaa za mwisho kutoka Kenya wakati wa ukoloni. Huko pia akashindwa.

Sababu yao ukiisoma polepole inaeleweka. Hakimiliki hulinda kazi, na kazi lazima iwe na umbo. Tamthilia ina mwanzo, maneno na mwisho. Unaweza kuichukua ukaiigiza ilivyo. Kipindi cha Green kilibadilika kila wiki: waimbaji wapya, nyimbo mpya, mazungumzo mapya. Kilichobaki ni vitu vichache vinavyojirudia, kama misumari ambayo kila wiki unaitundikia nguo nyingine. Majaji waliona kwamba misumari hiyo peke yake si kazi ya kuigizwa. Mswada alioutegemea Green haukuwahi kuthibitishwa vizuri mahakamani, na kwa walivyouona, ulibeba wazo tu la shindano la vipaji. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 iko karibu na hapo: inataka kazi iwe imefanyiwa jitihada ya kutosha kuipa upekee wake, na iwe imeandikwa au kurekodiwa. Kurasa zangu zilikuwa zimeandikwa, ndiyo. Lakini zililinda maneno yaliyokuwa juu yake. Matatu yenyewe hazikuilinda.

Hapo ndipo swali lilipoanza kuninyima usingizi. Kama muundo wa kipindi haulindwi hivyo, kwa nini dunia nzima inaununua? Kuna vipindi vimetengenezwa upya katika nchi na nchi, kila mahali kwa mtangazaji wa hapo hapo, na kila mahali mtu analipa leseni. Wanalipia nini?

Chukua Who Wants to Be a Millionaire? Kilianza Uingereza tarehe 4 Septemba 1998, kikitengenezwa na kampuni iliyoitwa Celador. Maswali 15, majibu manne kwa kila swali, zawadi ya juu pauni milioni moja. Ukikiangalia kwa haraka unasema, hata mimi ningefikiria hiki. Ukikifungua ndani unaona kazi. Mshiriki huonyeshwa swali kwanza, ndipo aamue kama atajibu au ataondoka na pesa alizo nazo. Hilo dogo ndilo linalokufanya ukae: unamwona mtu akibishana na nafsi yake. Seti iliyobuniwa na Andy Walmsley ilimweka katikati kabisa, juu ya kiti kirefu, watu wamemzunguka, na taa zinamshukia kila swali linapokuwa zito. Muziki wa Keith Strachan na mwanawe Matthew unapanda sauti kidogo kadiri maswali yanavyopanda. Husikii ukipanda, lakini mwili unajua.

Halafu kuna pesa. Waliotaka kushiriki walipiga simu ya bei ya juu kuliko ya kawaida, na mapato ya simu hizo yalisaidia kulipia zawadi. Kwa hiyo mtu aliyeiga kiti na taa bila kuelewa simu alikuwa ameiga gari bila tanki la mafuta.

Yote hayo huandikwa kwenye kitabu ambacho watu wa kazi hii hukiita biblia ya kipindi. Ndani mna ramani za seti, mpangilio wa taa, namna ya kuchagua washiriki, namna ya kupanga ugumu wa maswali, bajeti, na makosa ambayo wengine walishayafanya ili wewe usiyarudie. Mnunuzi kwa kawaida huanza kwa kulipa ada ndogo ili muundo ushikiliwe kwa jina lake kwa muda, asiuziwe jirani. Akiamua kuendelea, mkataba unataja nchi, lugha, idadi ya vipindi na miaka, na mara nyingi malipo ni asilimia fulani ya bajeti ya kila kipindi. Mwenye muundo humtuma mshauri akae studioni siku za kwanza. Na ukibuni jambo jipya kwako likafanya kazi, mikataba mingi husema linarudi kwa mwenye muundo, naye ataliuza kwingine.

Sasa twende India. Tarehe 3 Julai 2000, kituo cha Star Plus kilianza kurusha toleo la Kihindi, Kaun Banega Crorepati. Wahindi hukiita KBC, kwa hiyo usishangae Mhindi akikuambia kwamba KBC ndiyo televisheni bora aliyowahi kutazama. Zawadi ilikuwa rupia milioni 10. Seti ile ile, muziki ule ule, kiti kile kile. Kilichokuwa cha kwao ni mtangazaji: Amitabh Bachchan, miaka 57, nyota mkubwa wa sinema ambaye wakati huo kampuni yake ilikuwa imeanguka na filamu zake hazikuwa zikifanya vizuri. Wengi waliona kwenda televisheni ni kushuka hadhi.

Mwingereza Chris Tarrant aliendesha kipindi kama jamaa mjanja anayekutania huku akikutesa. Bachchan hakumwiga. Aliwapokea washiriki kama wageni nyumbani kwake, kwa Kihindi cha adabu, iwe ni karani au mwalimu wa mji mdogo. Hata kompyuta aliizungumzia kwa neno la heshima, kama anayemwomba mtu mzima, aliposema jibu sasa lifungwe kwa kufuli. Sentensi hiyo ikaenea mitaani. Maneno hayo hayakutoka London.

Washindani nao hawakulala. Mwaka huo huo Zee TV ilileta kipindi chake cha maswali, Sawal Dus Crore Ka, na zawadi yake ilikuwa rupia milioni 100, mara kumi ya ile ya KBC. Watangazaji walikuwa wawili, Anupam Kher na Manisha Koirala, wote nyota wa sinema. Wazo la maswali na pesa nyingi halikuwa la mtu, kwa hiyo Zee walikuwa huru kulitumia. Kipindi kikaanguka. Walikuwa na wazo, walikuwa na pesa, walikuwa na majina. Hawakuwa na kile kitu kilichokwisha kujaribiwa, kukosewa na kurekebishwa kabla ya kufika Mumbai.

Lakini biblia nayo ina mipaka yake. Mwaka 2007 KBC ilimpa kiti Shah Rukh Khan, nyota ambaye wakati huo hakuna Mhindi asiyemjua. Alikaa msimu mmoja. Kipindi kiliporudi mwaka 2010, aliyekaa kwenye kiti alikuwa Bachchan tena. Kitabu kinaweza kukuelekeza taa ishuke lini. Hakiwezi kukuambia ni mtu gani nchi yako itamwamini akiuliza, una uhakika? Na dunia ikibadilika, kitabu lazima kifutwe na kuandikwa upya. Toleo la Marekani liliondoa msaada wa kumpigia rafiki simu mwaka 2010, kwa sababu rafiki alikuwa anatafuta jibu kwenye intaneti badala ya kichwani.

Mwaka huo huo Celador ilikuwa mahakamani Marekani ikipigana na Disney, wenye kituo cha ABC kilichokuwa kimekirusha kipindi. Celador ilidai kwamba iliahidiwa nusu ya faida, kisha hesabu zikapangwa hivi kwamba kwenye karatasi faida haipo. Baraza la mahakama likaipa zaidi ya dola milioni 269. Angalia walichoshtaki. Hawakwenda kusema, mmeiba wazo letu. Walikwenda na mkataba mkononi wakasema, mlitia sahihi hapa. Hughie Green hakuwa na sahihi ya mtu wa New Zealand.

Wiki iliyopita nilizifungua tena zile kurasa zangu mbili. Nilizisoma kama mtu anayetaka kununua. Hakuna palipoandikwa matatu inabeba kamera ngapi, zinafungwa wapi, wala sauti inarekodiwaje injini ikinguruma Jogoo Road. Hakuna swali hata moja lililoandikwa. Hakuna aliyehesabu zawadi inatoka mfuko gani. Nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: MTANGAZAJI AWE MCHESHI.

Kama waliniibia, sitawahi kuthibitisha. Matatu ni ya kila mtu, na jiji hili lina maelfu ya vijana wanaokaa kwenye foleni wakiwaza vipindi. Kile kipindi chao kilikufa baada ya wiki chache. Nilikitazama mpaka mwisho, nikakuta kasoro: aliyekosa hawakumshusha. Alibaki amekaa kitini, gari linaendelea, na hakuna aliyeogopa kukosa.

Hilo sasa nimeliandika. Liko ukurasa wa tatu.