Bomba la maji machafu ya shawa (Shinyanga na Geita)

Bomba linalotoa maji kwenye trei ya shawa hadi kwenye chemba. Kwa kawaida huwa la milimita 40 (inchi moja na nusu) au 50 (inchi mbili). Katika ukanda wa dhahabu wa Nyarugusu na Kakola, la inchi mbili ndilo linalofaa, maana mchimbaji anayetoka karashani huoga vumbi la mawe na udongo mwekundu, na tope hilo hutuama ndani ya bomba.

Wingi wa maji peke yake haulazimishi ukubwa huo. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika mbili, shawa inatoa lita 10 kwa dakika. Bomba la milimita 40 lenye mteremko mzuri hubeba kiasi hicho bila kufika nusu. La milimita 32 hujaa karibu nusu likiwa bado jipya na safi. Nywele na tope zikishaanza kuganda, trei hufurika.

Mteremko unaotumika sana ni kati ya milimita 20 na 25 kwa kila mita. Bafu likiwa mita 2.4 kutoka kwenye chemba, kwa milimita 25 mwanzo wa bomba uwe juu ya mwisho wake kwa milimita 60. Fundi avute uzi na kuhakikisha kwa pimamaji kabla ya kufukia. Kwa bomba la milimita 40, umbali usizidi mita 3. Likiwa refu zaidi, au likishuka ghafla, maji yanayojaza bomba huweza kunyonya yale yaliyobaki kwenye trapu, na harufu ya shimo ikaingia bafuni. Maji hayo ya trapu yawe na kina cha milimita 75. Chini ya trei fupi, milimita 50 hukubalika. Trapu iwe ya kipenyo kile kile cha bomba, na ifunguke kwa juu ili tope litolewe kwa mkono.

Kwenye mbuga za Shinyanga tatizo ni ardhi. Udongo mweusi huvimba masika na kupasuka kiangazi, ukainua bomba sehemu moja na kulizamisha nyingine. Bomba lililopimwa vizuri Agosti linaweza kuwa na tumbo lenye maji ifikapo Machi. Litandikiwe mchanga chini na pembeni, lisilazwe juu ya udongo wenyewe.

Chanzo cha kurudi kwa maji hujulikana kwa dalili. Yakisimama mara tu shawa inapofunguliwa, kagua wavu na trapu. Yakipanda baada ya dakika kadhaa, bomba lina tope au tumbo. Yakija kwenye trei choo kinapovutwa, tatizo liko mbele ya chemba, na kubadilisha bomba la shawa hakutasaidia.