Tafakari za mwezi mzima kwa siku mbili: jinsi ratiba ya kurekodi inavyopangwa

Parokia inayotaka kutoa video fupi ya tafakari kila siku ya Novemba inahitaji video 30. Wanaojitolea wengi wana kazi siku za wiki, kwa hiyo zote hurekodiwa Jumamosi na Jumapili moja ya Oktoba.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba video ya dakika mbili hurekodiwa kwa dakika mbili. Msemaji asiye na mazoea hukosea na kurudia mara mbili au tatu, kisha hupumzika na kusoma tafakari inayofuata. Ni salama kuipa kila video dakika 15. Wasemaji watano wakichukua tafakari sita kila mmoja, kila msemaji anahitaji saa moja na nusu.

Jumamosi msemaji wa kwanza huanza saa 3:00 asubuhi, wa pili saa 4:45 na wa tatu saa 7:30 mchana, baada ya chakula. Saa 9:00 hadi 10:00 huachwa wazi kwa marudio. Jumapili, baada ya Misa na chakula, wa nne huanza saa 8:00 mchana na wa tano saa 9:45. Ikifika saa 6:15 Jumamosi na video 12 hazijakamilika, zilizobaki huhamishiwa saa ya akiba. Kukata muda wa chakula huleta sauti zilizochoka.

Kurekodi hufuata msemaji, si tarehe, ili kamera na taa zisihamishwe kila mara. Baadaye sura zile zile husambazwa mwezi mzima, hivyo kila msemaji huleta nguo tatu na kubadilisha baada ya kila video mbili. Tafakari zenye tarehe maalumu, kama ya Marehemu Wote, Novemba 2, hupewa msemaji wa kwanza. Akikosa kufika, bado kuna muda wa kumpata mwingine. Maneno kama “jana” au “mvua ya leo” huondolewa kwenye maandishi mapema.

Mtu mmoja hushika karatasi yenye tarehe na namba ya marudio mbele ya kamera kabla ya kila video. Bila karatasi hiyo, mhariri hupokea mafaili karibu 90 asiyojua lipi ni la siku gani. Mwingine husikiliza kwa hedifoni muda wote, kwani mvua ya vuli juu ya bati hufunika sauti hata pale picha inapoonekana nzuri. Ikianza, kazi husimama.

Kila jioni mafaili hunakiliwa sehemu mbili, na moja la kila msemaji husikilizwa hadi mwisho. Hitilafu ikigunduliwa Jumamosi, hurekebishwa Jumapili. Ikigunduliwa Jumatatu, msemaji ameshaondoka.