Kamera Inayofuata Gari Bila Kumtia Mchezaji Kichefuchefu

Mwaka 2021 Safari Rally ilirejea kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, na makao yake yakawa Naivasha, ndani ya Kaunti ya Nakuru. Safari hiyo, yenye mikondo kama Kedong, Soysambu na Sleeping Warrior, imeingia pia kwenye michezo ya video: WRC 9 ya mwaka 2020 na EA Sports WRC ya 2023 zote zina Safari ya Kenya. Barabara hizi ni kipimo kigumu kwa kamera inayolifuata gari kutoka nyuma, ile ya michezo ya nafsi ya tatu. Zina mawimbi marefu ya ardhi, makorongo yaliyofunikwa na vumbi laini, na kona zinazofunga ghafla. Kamera iliyopangwa vibaya humtia mchezaji kichefuchefu hapa kabla hajamaliza mkondo mmoja, na mara nyingi kosa limo katika tarakimu chache tu.

Kichefuchefu hiki huanza macho na masikio yanapotofautiana. Mandhari yote ya kioo yakitiririka, ubongo huamini kwamba mwili unasafiri. Sikio la ndani, lenye vifereji vya kupima mzunguko na vijiwe vya kupima mwendo, husema mwili umetulia kitini. Kwenye matatu inayoshuka Mai Mahiu hali hugeuka: abiria anayesoma simu anatikiswa mwili huku macho yake yakiona kitu kilichotulia. Si kila mwendo unaosumbua kwa kiwango kimoja. Mwaka 1974 James O'Hanlon na Michael McCauley walipima watu waliopandishwa na kushushwa kwa kasi mbalimbali, wakakuta kwamba mwendo unaochefua zaidi ni ule wa karibu mara 0.2 kwa sekunde, yaani wimbi moja kila sekunde 5. Mtikisiko wa haraka unaudhi, lakini hauchefui kama huo. Majaribio ya picha zinazoyumba mbele ya mtu aliyetulia nayo yameelekeza kidole kwenye miyumbo ya polepole.

Sasa tuliweke gari Kedong. Liko kwenye kilomita 72 kwa saa, ambazo ni mita 20 kwa sekunde. Tuseme ardhi inapanda na kushuka kwa mawimbi ya mita 100 kutoka kilele hadi kilele, na juu ya mawimbi hayo kuna mashimo kila mita 7 hivi. Mashimo yatalirusha gari karibu mara 3 kwa sekunde. Mawimbi ya ardhi yatalipandisha na kulishusha mara moja kila sekunde 5, palepale kwenye mwendo mbaya kuliko yote.

Dawa ya kwanza ambayo kila mtengenezaji huifikia ni kuilainisha kamera: badala ya kugandishwa kwenye gari, inavutwa kuelekea shabaha iliyo nyuma ya gari kana kwamba imefungwa kwa springi, na springi hiyo ina shokomzoba ya kumeza mrudisho wake. Shokomzoba ikiwa dhaifu, kamera hupita shabaha, hurudi, hupita tena. Ikiwa na nguvu inayotosha tu kuzuia kupita huko, kamera hufika kwa njia ya haraka kuliko zote zisizo na myumbo. Hicho ndicho kinachofanywa na `SmoothDamp` ya Unity. Njia hiyo ilielezwa na Thomas Lowe katika kitabu Game Programming Gems 4 cha mwaka 2004. Tarakimu unayoipa ni moja, `smoothTime`, na maana yake kwa vitendo ni nyepesi: shabaha ikienda kwa kasi isiyobadilika, kamera itakuwa nyuma yake kwa sekunde hizo hizo.

Chukua `smoothTime` ya sekunde 0.3. Mrusho wa mashimo, ule wa mara 3 kwa sekunde, unabaki karibu sehemu moja ya kumi tu, na picha inaonekana tulivu. Wimbi la ardhi la sekunde 5 linapita karibu lote, asilimia 97 hivi. Hapa ndipo wengi hupotea. Ulainishaji umeondoa mtikisiko usiochefua sana na kuuacha ule unaochefua. Mtengenezaji anaona picha nyororo, kisha anashangaa watu wanapolalamika. Kuongeza muda hadi sekunde 1.5 hakumwokoi: wimbi bado linapita kwa zaidi ya nusu, na sasa kamera inaburuta nyuma kwa mbali mno.

Mwendo wa polepole unapunguzwa kwa kuzidisha, si kwa kuchelewesha. Kamera ipande na kushuka pamoja na ardhi, kwa sababu vinginevyo itazama kilimani, lakini isichukue mwinamo wa gari kama ulivyo. Gari likiinua pua kwa nyuzi 6, kamera iinuke kwa nyuzi 1.5 au 2 tu. Mabadiliko yaliyo chini ya nyuzi 1 yapuuzwe kabisa. Kulala upande kufutwe: kamera isichukue hata kidogo, hata gari likiwa limeegemea magurudumu mawili. Kwa mpangilio huo mgongo wa Mlima Longonot unakaa mahali pake kwenye kioo, gari linahangaika mbele yake, na jicho linapata kitu cha kushika. Mchezaji bado anauhisi ubaya wa barabara, kwa sababu anaona bodi ya gari ikiruka ndani ya picha iliyotulia.

Ucheleweshaji wenyewe una hatari yake. Kwa kilomita 100 kwa saa, ambazo ni mita 27.8 kwa sekunde, sekunde 0.3 ni zaidi ya mita 8. Gari lililokuwa mita 6 mbele ya kamera sasa liko mita 14. Likifunga breki kwenye kivuko cha mto, kamera inalikimbilia kwa mita 8 hizo huku mandhari yakivimba kuelekea usoni mwa mchezaji. Dawa ni kuisogeza shabaha mbele kwa sehemu ya umbali huo: kasi mara `smoothTime` mara 0.85. Ucheleweshaji unaobaki ni kama mita 1.25, unaotosha kuonyesha kwamba gari limeongeza mwendo. Kasi inayotumika kwenye hesabu hii nayo ilainishwe, kwa sababu gari likigonga mwamba na kusimama, shabaha isiyolainishwa itaruka nyuma kwa mkupuo.

Kwenye kugeuka kushoto na kulia, muda mfupi ni bora. Gari linalopinda nyuzi 60 kwa sekunde, kwa muda wa sekunde 0.25, litaiacha kamera nyuzi 15 nyuma: mchezaji anaona ubavu wa gari na kona inasomeka. Kwa sekunde 0.6 pengo ni nyuzi 36, na barabara iliyo mbele inatoka nje ya kioo. Mchezaji hukata usukani kupita kiasi, kamera inafika ikiwa imechelewa, anarudisha, nayo inachelewa tena. Myumbo wa polepole wa kushoto na kulia umezaliwa, na mikono yake mwenyewe ndiyo inayouendesha. Ukimwona mchezaji anapiga mikato ya usukani kwenye barabara iliyonyooka, tazama muda wa kugeuka wa kamera kabla ya kulaumu magurudumu.

Kuna kosa jingine linalojificha kwenye simu. Watu wengi huandika ulainishaji wao kwa kuisogeza kamera sehemu ya kumi ya njia kila fremu. Kwa fremu 60 kwa sekunde, gari la kilomita 100 kwa saa linaiacha kamera mita 4 hivi. Simu ikipata joto na kushuka hadi fremu 30, pengo linakuwa zaidi ya mita 8, bila mtu kugusa chochote. Fremu zikipanda na kushuka, kamera inavuta na kuachia, mbele na nyuma, na hakuna barabara yoyote inayoeleza kwa nini. Sehemu hiyo ihesabiwe kutokana na muda uliopita kati ya fremu:

```
float a = 1f - Mathf.Exp(-k * Time.deltaTime);
pos = Vector3.Lerp(pos, target, a);
```

Hapa `k` ya 6.3 inatoa takriban hali ile ile ya fremu 60, na inabaki karibu hivyo hata simu ikichoka. Kamera pia isogezwe baada ya gari kusogea, ndani ya `LateUpdate`, na gari liwashiwe `Interpolate` kwenye `Rigidbody` yake. Fizikia ya Unity huhesabiwa mara 50 kwa sekunde isipobadilishwa. Kioo cha mara 60 kitaona gari likisita kila mara kama hatua zake hazikujazwa katikati.

Mtikisiko wa makusudi ni suala la mwisho, na kishawishi chake kikubwa ni kuufunga kwenye ubaya wa barabara. Kedong ina urefu wa karibu kilomita 31. Hata kwa wastani wa kilomita 120 kwa saa, hiyo ni robo saa ya picha inayotetemeka. Ubaya wa barabara uonyeshwe na bodi ya gari, vumbi, sauti na mtetemo wa kidhibiti mkononi. Mtikisiko wa kamera ubaki kwa tukio: jiwe, kutua baada ya mruko, kugonga ukingo.

Squirrel Eiserloh, katika mhadhara wake wa GDC mwaka 2016, alieleza mpango ambao bado ni mzuri. Kila pigo linaongeza kiasi cha mshtuko kisichozidi 1, mshtuko unapungua wenyewe, na mtikisiko ni mraba wake. Jiwe likiongeza 0.3, mraba ni 0.09. Kutua kwa nguvu kukiongeza 0.6, mraba ni 0.36. Ukiweka kilele cha nyuzi 1.5, jiwe linatikisa nyuzi 0.14 tu na kutua nyuzi 0.54. Mshtuko ukishuka kwa 1 kila sekunde, kutua kunaisha ndani ya sekunde 0.6. Mtikisiko uende kwenye kuinama na kugeuka, usiguse kulala upande, nao utumie kelele laini ya Perlin inayosomwa mara 10 hivi kwa sekunde, mbali na mwendo wa mara 0.2. Kuchagua namba mpya ya bahati kila fremu kunaurudisha ule utegemezi wa fremu tulioufukuza.

Mtikisiko uongezwe mwishoni, juu ya mahali palipokwisha kulainishwa, na usihifadhiwe. Ukiingia kwenye `pos`, fremu inayofuata springi itaanza kuukimbiza, na pigo la nusu sekunde litageuka kamera inayoelea polepole baada ya pigo kwisha.

Kupima haya yote, usimtegemee aliyeshika kidhibiti peke yake. Anayeendesha anajua kona inakuja na mwili wake umejiandaa. Anayetazama pembeni hajui, naye huugua mapema zaidi. Katika vibanda vya gemu vya Nakuru watu kama hao hawakosekani: wamekaa nyuma wakingoja zamu. Mweke mmoja mbele ya kioo kwa mkondo mzima, umuulize kila baada ya dakika chache kama kichwa kinamwelea au mate yanamjaa. Akikubali, zima mtikisiko kwanza, kisha mwinamo, kisha ucheleweshaji, kimoja kwa wakati, kila jaribio likifanywa baada ya mapumziko marefu, kwa sababu kichefuchefu kilichoanza hakiishi mara tu chanzo kinapoondolewa. Menyu ya mchezo nayo iwe na kipimo cha mtikisiko kinachofika sifuri kabisa na kingine cha mwinamo, vyote vikionekana kabla ya mbio ya kwanza.