Nusukaputi: Kwa Nini Moyo Husimama Ghafla kwa Anayevuta Gesi

Kuna neno la Kiswahili ambalo wengi wetu tuliolelewa Leicester, Maskati au Minneapolis hatukulipata nyumbani: nusukaputi. Ndiyo dawa ya kumlaza mgonjwa kabla ya upasuaji. Neno lenyewe limeungwa na nusu, hiyo tunayoijua, na kaputi, la Kijerumani, yaani kilichoharibika, kilichokwisha. Nusu umekwisha. Wahenga waliolizoea neno hilo hawakuwa wanatania.

Tunalianzia hapo kwa sababu ya swali moja gumu. Kijana anavuta gesi ya laita, au gundi, au kopo la kupuliza. Anacheka, yuko macho, anaongea. Mtu mzima anatokea, kijana anakurupuka na kukimbia, hatua chache tu anaanguka na hainuki tena. Hakukosa hewa. Hakugongwa. Imekuwaje?

Jibu lake lilichukua zaidi ya miaka 60 kupatikana, na halikuanza na vijana wa mtaani. Lilianza na msichana aliyekuwa na ukucha unaouma.

Hannah Greener alikuwa na umri wa miaka 15, akiishi Winlaton, karibu na Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Tarehe 28 Januari 1848 daktari alikuja nyumbani kumtoa ukucha wa kidole cha mguu. Miezi michache kabla alishafanyiwa upasuaji kama huo akiwa amelazwa kwa etha, na akaamka salama. Safari hii daktari alileta dawa mpya, klorofomu, ambayo James Young Simpson alikuwa ameanza kuitumia kule Edinburgh Novemba 1847. Yaani dawa haikuwa na hata miezi mitatu.

Hannah aliogopa sana. Alikuwa akilia kabla hata ya kuanza. Alikalishwa kitini, akawekewa kitambaa chenye dawa kiasi cha kijiko kidogo cha chai tu. Baada ya nusu dakika hivi mkono ukakakamaa, daktari akakata. Hannah akarusha mguu, na daktari akafikiri dawa haijamkolea. Kabla hajaongeza, midomo ya msichana ikapauka ghafla. Wakammwagia maji usoni, wakamnywesha brandi, wakamtoboa mshipa. Ndani ya dakika mbili tatu alikuwa amefariki.

Shika mambo matatu hapo: dawa ilikuwa kidogo, usingizi ulikuwa mwepesi, na hofu ilikuwa kubwa. Majibu yote yamo humo, ila wakati ule hakuna aliyeweza kuyasoma.

Madaktari wakagawanyika. Simpson alisema klorofomu haina kosa, msichana alipaliwa na maji na brandi. John Snow, yule yule wa kipindupindu na pampu ya London, alisema hapana, ni moyo uliosimama. Ubishi ukaendelea miaka na miaka, huku wagonjwa wengine, wengi wao vijana wenye afya, wakifa vile vile: mwanzoni mwa kulazwa, kwa dawa kidogo.

Mwaka 1889 ubishi ukahamia Hyderabad, India. Nizamu, mtawala wa huko, alitoa fedha ili jarida la Lancet limtume mtaalamu aje kuumaliza. Aliyetumwa ni Thomas Lauder Brunton. Mkumbuke jina, atarudi. Walifanya majaribio juu ya mamia ya wanyama, na wakatoa hukumu: pumzi ndiyo hukatika kwanza, moyo hufuata. Tazameni pumzi, msihangaike na moyo.

Walikosea, na kosa lao lina maana. Ukimwongezea mnyama klorofomu hadi afe, ni kweli pumzi hukatika kwanza. Lakini hicho ni kifo cha dawa nyingi, na Hannah alikufa kwa dawa kidogo. Tena mwaka ule homoni iitwayo adrenalini ilikuwa haijajulikana, hivyo nusu ya jibu haikuwepo duniani.

Aliyeunganisha vipande ni Goodman Levy, London, mwaka 1911. Aliwapa paka klorofomu nyepesi, kisha akawachoma adrenalini kidogo. Mioyo ikaacha kupiga ikaanza kutapatapa, na paka wakafa pale pale. Kila kimoja peke yake mnyama alikistahimili. Viwili kwa pamoja vikaua.

Sasa tuingie mwilini tuone kinachotokea, kwa sababu gesi ya laita, petroli, toluini iliyomo kwenye gundi za viatu na gesi za makopo ya kupuliza zote ni ndugu wa klorofomu kwa tabia. Zinayeyuka kwenye mafuta. Zikiingia mapafuni zinavuka hadi kwenye damu, na sekunde chache baadaye ziko kwenye ubongo, ambao nao una mafuta mengi. Huko zinaipa nguvu breki ya ubongo na kuzima sehemu ya ishara za kuamsha. Kwanza inalala ile sehemu inayokuzuia kusema na kutenda ovyo, ndiyo maana mtu anacheka na kujiona shujaa. Kisha ulimi unakuwa mzito, miguu inayumba, wengine wanaona vitu visivyokuwepo. Baada ya dakika chache gesi inatoka kwa pumzi ile ile iliyoiingiza, na kichwa kinarudi. Kwa hiyo mtu anavuta tena, na tena.

Ila moyo nao unaoga katika damu hiyo hiyo. Moyo hupiga kwa umeme: wimbi linaanzia juu, linasambaa kwa mpangilio, na misuli yote inakaza kwa pamoja. Umeme huo unapitia vijilango vidogo kwenye kila seli, vya sodiamu, potasiamu na kalsiamu. Gesi hizi zinavivuruga vijilango hivyo. Wimbi linapita polepole hapa, linakwama pale. Mtu hahisi chochote, kwa sababu moyo bado unapiga. Kisha inakuja hofu au mbio. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, ambayo kazi yake ni kuuambia moyo: haraka, kwa nguvu! Moyo uliovurugwa hauwezi kutii kwa mpangilio. Kila kipande kinajikaza kivyake, damu haisukumwi, na ndani ya sekunde chache mtu anazimia. Huko ndiko kutapatapa alikokuona Levy, na hakuachi alama. Daktari akichunguza maiti anakuta moyo mzima kabisa.

Mwaka 1970 daktari wa Marekani, Millard Bass, aliandika kuhusu vijana 110 waliokufa hivyo katika miaka ya 1960. Hakuna aliyefunikwa na mfuko hadi akakosa hewa. Wengi walianguka baada ya kukimbia au kushtuka. Uingereza nayo mwaka 1985 ikaweka sheria dhidi ya kuwauzia walio chini ya miaka 18 vitu kama gundi pale muuzaji anapojua vitavutwa. Hata hivyo mwaka 1990 vifo vilifika 152, vingi zaidi kuliko mwaka wowote. Mwaka 1999 wakapiga marufuku kuwauzia watoto gesi ya kujazia laita. Gesi hiyo ina hatari ya ziada: ikipulizwa moja kwa moja kooni ni baridi kali, na baridi hiyo inaweza kuamsha neva inayousimamisha moyo. Na katika vifo hivi wamo waliojaribu kwa mara ya kwanza. Moyo hauhesabu mara.

Basi, na popa je? Vile vichupa vidogo vya klabu? Hapa ndipo Brunton anaporudi.

Mwaka 1867, zaidi ya miaka 20 kabla ya Hyderabad, Brunton alikuwa daktari kijana Edinburgh, akimhudumia mgonjwa mwenye maumivu makali ya kifua yaliyomjia usiku. Alijua kwamba kimiminika kiitwacho nitriti ya amili humfanya anayekinusa awe mwekundu usoni, maana yake mishipa ya damu inatanuka. Akamnusisha mgonjwa. Maumivu yakaisha chini ya dakika moja. Baadaye dawa hiyo iliwekwa ndani ya vijichupa vya kioo chembamba vya kuvunjwa kwa vidole, na ule mlio wa kuvunjika ndio uliozaa jina popa.

Kwa hiyo popa si ndugu wa gundi. Haizimi ubongo. Inatoa nitriki oksidi, ambayo hulegeza misuli ya mishipa. Damu inakimbilia ngozini na kichwani, shinikizo la damu linaporomoka, na moyo unaenda mbio kujaribu kulirudisha. Joto, kizunguzungu, dakika moja au mbili, imekwisha. Mwaka 2016 kamati ya wataalamu inayoishauri serikali ya Uingereza ilisema kwamba popa haziingii katika sheria mpya ya dawa za kubadili akili, kwa sababu haziendi moja kwa moja kwenye ubongo.

Usielewe kwamba ni salama. Hatari yake inapita mlango mwingine. Mtu anaweza kuzimia na kupasua kichwa. Akiwa ametumia pia vidonge vya nguvu za kiume, shinikizo linaweza kushuka hadi moyo wenyewe ukakosa damu, na hapo mapigo huvurugika. Na popa nyingi, hasa zikinywewa, huigeuza hemoglobini isiweze kubeba oksijeni: midomo inakuwa bluu, damu inakuwa kahawia kama chokoleti, na oksijeni ya mashine haisaidii sana. Hospitali wana dawa yake, methilini bluu, lakini lazima waambiwe mtu kavuta au kanywa nini. Tena kuna makopo yanayouzwa kwa jina la popa huku ndani yana etili kloridi. Hiyo iliwahi kuwa nusukaputi, na inarudi kule kule kwa Hannah.

Kutokana na historia hii unapata kanuni moja ambayo silika yetu inaikataa. Ukimkuta mdogo wako, binamu au rafiki anavuta, usimpigie kelele wala kumkimbiza. Ugomvi weka kesho. Ongea naye taratibu, mkalishe, fungua madirisha, zima sigara na kila moto, na usimruhusu akimbie hadi kichwa kimrudie. Akianguka na hapumui sawasawa, piga simu, 999 Uingereza, 911 Marekani, 9999 Oman, na anza kumkandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka bila kusita. Mtu mwingine atafute mashine ya kushtua moyo, zile zilizotundikwa kwenye vituo vya treni na viwanja vya michezo. Moyo unaotapatapa unahitaji mshtuko huo ili uanze upya. Na waliofika kusaidia waambie wazi alichovuta, kwa sababu hata adrenalini ambayo wahudumu huibeba kwa moyo uliosimama, kwa mtu huyu wanaifikiria mara mbili.

Hannah Greener alikuwa analia kabla ya kitambaa kumgusa uso. Wote waliokuwemo chumbani walikiona kilio kile, na hakuna aliyejua kwamba kilikuwa sehemu ya sumu.