Majina ya Wazazi katika Kadi ya Mwaliko wa Arusi

Kadi ya mwaliko wa arusi kwa kawaida ni sentensi moja tu. Ndani ya sentensi hiyo yapo majina ya watu wanaoalika, jina la mgeni anayealikwa, majina ya vijana wawili wanaooana, na majina ya wazazi wa upande wa pili. Mwenye kuitunga hufikiri kuwa kazi yake ni kuyapanga vizuri tu. Lakini katika sentensi hiyo hukutana taratibu mbili za kutaja watu, ambazo zilitokea mahali mbalimbali na kwa nyakati mbalimbali. Katika makala haya tutaeleza taratibu hizo, kisha tutaonyesha jinsi kuzichanganya kunavyoweza kumkosesha mtu nafasi yake katika arusi ya mtoto wake mwenyewe.

Kabla ya kadi kulikuwa na mjumbe. Katika miji ya pwani aliyetumwa kualika alikwenda nyumba hadi nyumba, akabisha hodi, akasema ametumwa na nani na arusi ni ya mtoto wa nani. Mwaliko ulikuwa maneno ya mwenye shughuli yaliyowekwa kinywani mwa mtu mwingine. Wala baba na mama hawakuchanganywa wakawa mtu mmoja. Katika desturi za ndoa za pwani kilemba kilikuwa haki ya baba wa binti, na mkaja ulikuwa haki ya mama. Kila mmoja alitajwa peke yake na alipewa chake peke yake.

Utaratibu wa kwanza wa majina ni ule wa nasaba. Mtu hutajwa kwa jina lake, kisha jina la baba yake, kisha la babu yake, na baina ya majina hayo lilitiwa neno ‘bin’ kwa mwanamume au ‘binti’ kwa mwanamke. Aliyeandika habari za desturi za Waswahili zilizochapishwa mwaka 1903 aliitwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, na mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Unguja aliitwa Siti binti Saad. Kwa majina hayo tu tunawafahamu baba zao. Baadaye watu wengi waliliacha neno ‘bin’, lakini mpango wa majina ukabaki vilevile. Mwandishi wetu Shaaban Robert alikuwa Shaaban mwana wa Robert. Basi Robert si jina la ukoo. Ni jina la baba yake mzazi. Katika utaratibu huu mwanamke haachi jina la baba yake anapoolewa, kwa sababu ndoa haibadilishi nasaba.

Utaratibu wa pili ni ule wa jina la ukoo au la nyumba, ambalo hurithiwa bila kubadilika kizazi hata kizazi. Katika sehemu nyingi za bara majina ya koo yalikuwako tangu zamani. Mahali pengine jina la baba mmoja lilisimama na kuwa jina la nyumba nzima. Baba wa Mwalimu Julius Nyerere alikuwa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Kwa Mwalimu, Nyerere lilikuwa jina la baba. Kwa watoto wake limekuwa jina la nyumba yao. Pamoja na utaratibu huu ilikuja desturi ya Kiingereza ya kumtaja mke kwa jina la mumewe, na kutokana nayo tukapata maneno ‘Bwana na Bibi Fulani’ ambayo leo yamo katika kadi nyingi. Maneno hayo hutaja nyumba, lakini humficha mama.

Sasa tuchukue mfano, nao majina yake tumeyatunga. Kijana Hamisi ni mwana wa Salumu Juma wa Pangani, na mama yake ni Mwanaisha Omari. Juma alikuwa babu yake, naye alikwisha kufariki. Hamisi anamwoa Zaina wa Machame. Baba wa Zaina, Abdallah Swai, amefariki. Mama yake, Halima Ramadhani, yu hai. Zaina hana babu wa upande wa baba wala kaka, kwa hiyo walii wake ni baba yake mdogo, Idi Swai, ambaye ndiye atakayemwozesha. Kadi ikaandikwa mara ya kwanza hivi:

Familia ya Bw. na Bibi Juma inayo furaha kukualika katika sherehe ya ndoa ya kijana wao Hamisi Juma na Zaina Abdallah, binti wa Bw. na Bibi Abdallah.

Kwa jicho la haraka sentensi hii ni nzuri. Lakini tuitazame kwa makini. Aliyeitunga alifuata utaratibu wa Kiingereza, akachukua jina la mwisho na kuliweka baada ya ‘Bw. na Bibi’. Kwa kuwa majina ya Pangani ni ya nasaba, jina la mwisho lilikuwa la babu. Hivyo anayealika hapa ni marehemu Juma, na Hamisi amekuwa mtoto wa babu yake. Bibi Mwanaisha naye ameandikwa kama mke wa baba mkwe wake. Upande wa pili mambo yamekwenda kinyume. Huko jina la ukoo lipo, nalo ni Swai, lakini limeachwa. Tena Abdallah ametajwa kama mtu aliye hai. Jirani aliyekwenda kumzika ataisoma kadi hii, na mjane ataisoma pia. Jina la Halima halimo kabisa, na Idi, ambaye bila yeye ndoa haifungwi, hakukumbukwa.

Makosa hayo yakishaonekana, njia ya kuyasahihisha ni kumuuliza kila upande maswali matatu: wazazi ni nani kwa majina yao wenyewe, jina la mwisho la kila mmoja ni la ukoo au la babu, na nani miongoni mwao amefariki. Jibu linaweza kulinganishwa na taarifa ya kusudio la kufunga ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa hiyo itolewe si chini ya siku 21 kabla ya ndoa, nayo huandikwa majina ya wahusika na ya wazazi wao. Baada ya hapo kadi iliandikwa upya hivi:

Bw. Salumu Juma na Bibi Mwanaisha Omari, wa Pangani,
wanayo furaha kukualika
Bw./Bibi ..............................
katika sherehe ya ndoa ya kijana wao Hamisi
na
Zaina, binti wa Bibi Halima Ramadhani na marehemu Abdallah Swai, wa Machame,
atakayeozeshwa na baba yake mdogo, Bw. Idi Swai.

Msomaji ataona kwamba upande wa binti mama ametangulia kutajwa. Hilo si kwa ajili ya kumwinua. Kama tungeandika ‘marehemu Abdallah Swai na Bibi Halima Ramadhani’, neno ‘marehemu’ lingeweza kusomwa kuwa linawahusu wote wawili, na mama aliye hai angehesabiwa miongoni mwa wafu. Aliye hai akitangulia, shaka hiyo huondoka. Tena marehemu anaweza kutajwa katika nafasi ya nasaba, kwa sababu mauti hayamwondolei mtu ubaba. Lakini hawezi kuwekwa katika nafasi ya anayealika, kwa sababu marehemu haaliki. Kama baba wa Hamisi ndiye angekuwa amefariki, sentensi ingeanza kwa Bibi Mwanaisha, naye angealika katika ndoa ya kijana wake na marehemu mumewe.

Upatanisho wa kisarufi nao una maana yake. Tukianza na ‘familia’ tutasema ‘inayo furaha’. Tukianza na watu tutasema ‘wanayo furaha’. Neno ‘wao’ katika ‘kijana wao’ huwarudia wale waliotajwa mwanzo wa sentensi. Kwa hiyo tukiandika ‘binti yao Zaina’ katika kadi ya upande wa mume, tumemfanya Zaina kuwa dada wa Hamisi.

Mintarafu ya vyeo, kumbukumbu ya yule mjumbe ndiyo inayotuongoza. Kadi ni sauti ya anayealika, na mtu hajisifu kwa kinywa chake. Kwa hiyo mwenye kualika hutosheka na ‘Bw.’ au ‘Bibi’, na upande wa pili huupa vyeo vyake kamili: Sheikh, Mchungaji, Alhaji, Daktari. Cheo kimoja kinamtosha mtu mmoja, nacho huchukua nafasi ya ‘Bw.’, hatuandiki ‘Bw. Sheikh’ wala ‘Bw. Dk.’ Neno ‘marehemu’ hutangulia cheo, kama katika ‘marehemu Sheikh Abdallah’. Vijana wanaooana hutajwa kwa majina matupu hata wakiwa ni madaktari, kwa sababu anayewataja ni mzazi, na mzazi hamwiti mtoto wake Daktari. Mgeni, kwa upande wake, huandikiwa cheo chake kwa mkono katika nafasi iliyoachwa, na vile visivyomhusu hukatwa.

Yote haya ni ya kadi ya upande wa mume. Upande wa mke ukiwa na sherehe yake ya kumuaga binti, sentensi hugeuka: wanaoalika ni Bibi Halima na Bw. Idi, Zaina hutangulia, na Hamisi hufuata akiwa mtoto wa Bw. Salumu Juma na Bibi Mwanaisha Omari. Hapo mchapaji aangaliwe, maana tofauti ya ‘kumuaga’ na ‘kumwaga’ ni herufi moja, na tumekwisha kuona kadi ambazo ndani yake wazazi waliwaalika watu waje ‘kumwaga’ binti yao.

Kabla ya kuipeleka kadi kwa mchapaji, isomwe kwa sauti mbele ya mtu mmoja wa kila upande. Jicho huweza kuliruka jina lililokosewa, lakini sikio la mama anayengoja kusikia jina lake halikosi kugundua kwamba halikutajwa. Katika mfano wetu, Bibi Halima aliyeishi na binti yake baada ya baba kufariki hakuomba sifa yoyote katika kadi. Haki yake ilikuwa maneno mawili tu, yaani jina lake na jina la baba yake, nayo yalipotiwa mahali pake, wageni wa Pangani walijua wanakwenda kumpokea mtoto wa nani.