Bei ya hisa hufuata matarajio ya wanunuzi

Mkulima wa pamba wa Shishiyu hulithamini shamba lililochanua kwa mavuno anayoyatarajia. Hisa nazo huthaminiwa vivyo hivyo.

Mwaka 2008 Serikali iliwauzia wananchi sehemu ya hisa zake katika Benki ya NMB kwa shilingi 600 kila moja. Benki ilikuwa na hisa milioni 500, hivyo thamani yake sokoni kwa bei hiyo ilikuwa shilingi bilioni 300. Baadaye bei ilipofika shilingi 2,000, thamani hiyo ikawa trilioni 1. Hisa hazikuongezeka, wala ongezeko hilo si fedha zilizoingia benki. Wanunuzi walikuwa tayari kulipa zaidi kwa sababu walitarajia faida na gawio kubwa zaidi miaka ijayo. Kwa sababu hiyo, kampuni yaweza kutangaza faida nono na bei isipande, iwapo faida hiyo ilikwisha kutarajiwa.

Hata hivyo, katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hisa za baadhi ya kampuni huuzwa kwa nadra. Bei inayotangazwa yaweza kuwa ya mauzo ya siku nyingi zilizopita, hivyo mwekezaji atazame pia idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo.